Muda wa zoezi la moto unaishia wapi?

"Kwenye tangazo la zoezi niandike muda unahesabiwa hadi lini: mtu wa mwisho akitoka, au wote wakishahesabiwa?"

Andika zote mbili, kila moja na mtu wake wa kushika saa. Ya kwanza inaanza king'ora kikilia na kuishia mtu wa mwisho akivuka mlango. Ya pili inaishia msimamizi wa ghorofa wa mwisho akiripoti "kwangu hakuna aliyebaki", maana swali la kwanza la zimamoto ni kama kuna mtu ndani. Nimekuwa msimamizi wa ghorofa: tulitoka kwa dakika 4, hesabu ikakamilika dakika ya 13 kwa sababu daftari la wageni lilibaki mapokezi. Kwa hiyo taja kwenye tangazo nani analibeba, na nani badala yake akiwa likizo.

Kuna aliyeshauri mtumie orodha ya mishahara kuhesabia watu; yuko sahihi nusu tu. Haionyeshi nani yupo leo wala mafundi wa nje. Na msihesabiane mlangoni, mtaziba njia. Hesabu ifanyike uwanjani. Kutaja kwenye tangazo saa kamili ya zoezi? Zoezi la kwanza mimi ningeitaja, wengine wanakataa.