Si Akuaba, na dola 450 si bei

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kwenye sanduku la marehemu bibi, Kisarawe, tumekuta kinyago cha mti cha sentimita 12 hivi, hakina mikono wala miguu (picha nimeambatanisha). Google Lens imeniletea Akuaba ya Ghana, dola 450. Dalali mmoja Kariakoo anataka nimpe elfu hamsini akihakiki. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Lens hutafuta picha zinazofanana na yako, basi. Akuaba zimejaa mtandaoni, ndiyo maana zimekuwa za kwanza kujitokeza. Akuaba ya Waasante huwa na kichwa bapa cha duara. Chako ni kigogo chenye upanga wa nywele uliogawanyika katikati: mwana hiti wa Wazaramo, aliyepewa mwali amlee kama mtoto.

Kipige picha upya juu ya kitambaa cheupe, mlangoni, bila flashi. Kwenye Lens vuta pembe za fremu zibane kichwa peke yake. Yakija matokeo ya makumbusho na minada, achana na bei kwanza. Soma maelezo chini ya picha uokote maneno wanayotumia, kisha utafute kwa hayo:

```
Zaramo "mwana hiti"
Kwere mwanahiti figure
Usaramo Puppe
```

Mstari wa mwisho ni wa katalogi za Kijerumani, zenye tahajia yao ya zamani ya Uzaramo.

Sasa bei, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Hiyo dola 450 ni tamaa ya muuzaji. Tangazo linaweza kukaa miaka bila mteja. Kwenye eBay washa `Sold Items` uone yaliyouzwa karibuni. Bei iliyokatwa mstari maana yake walipatana chini ya hapo, na walipoishia huonyeshwi. Kwenye mnada, makadirio nayo si mauzo. Tafuta bei ya mwisho, kisha uangalie kama ndani yake mna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, ambayo mwenye mali haioni.

Usikilinganishe na chenye kumbukumbu za mkusanyaji wa enzi ya Mjerumani. Karatasi zile nazo zinalipiwa. Usikilinganishe pia na cha kuchongwa kwa ajili ya watalii. Kilicholelewa kweli huwa laini na king'aavu kiunoni kwa mikono na mafuta, huku mifereji ya nywele ikibaki na weusi. Kilichopakwa kiwi kina rangi moja mwili mzima, hadi kitakoni.

Huyo dalali, elfu hamsini ya kuhakiki nini? Ni mtindo uleule wa rupia za Mjerumani na zebaki nyekundu ya cherehani: unatajiwa mamilioni, unaombwa ada, simu inazimwa. Akisema ana mzungu wa kukivusha nje, mwombe kibali. Vitu vya namna hii vinaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na atakayehojiwa uwanja wa ndege si yeye.