Maswali ya kucha: madoa, mifereji na vishimo

"Mwanangu wa miaka saba ana madoa meupe kwenye kucha. Jirani anasema kakosa kalsiamu. Ninunue vidonge?"

Usinunue. Vidoa hivyo mara nyingi hutokana na shina la ukucha kugongwa, kubanwa na mlango au mtoto kutafuna kucha. Doa huchelewa kujitokeza, kwa hiyo pigo lenyewe huwa limeshasahaulika. Litasogea mbele kadiri ukucha unavyokua mpaka ulikate. Kama kucha zote zimepauka karibu nzima, hapo mpeleke hospitali, maana ini au figo zinaweza kuhusika.

"Katikati ya Julai nimeona mfereji umekatiza kucha zote kumi. Nimepiga picha nikaweka rula. Mwezi wa nne nililazwa kwa malaria kali. Vinahusiana?"

Inaelekea hivyo, na rula yako imenisaidia sana. Mwili ukizidiwa na homa kali, shina la ukucha hupunguza kazi au husimama kwa muda, na sehemu inayotengenezwa siku hizo hutoka nyembamba. Daktari Mfaransa Beau aliieleza mifereji hii mwaka 1846, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Kwenye picha yako, kidole cha kati, mfereji uko milimita 9 kutoka kwenye ngozi ya shina. Hiyo ni miezi mitatu, yaani Aprili. Kidole kidogo uko nyuma kidogo kwa sababu ukucha wake hukua taratibu, usishtuke. Haihitaji dawa, utasukumwa nje wenyewe.

Ungekuwa kwenye kidole kimoja tu, ningeuliza kiliumizwa na nini. Na mifereji mingi midogo inayopangana katikati ya kidole gumba kwa kawaida ni ya mtu mwenye tabia ya kusuguasugua ngozi ya shina, wengi wao bila kujijua.

"Kucha zina vishimo kama vimedungwa sindano. Nimepaka dawa ya fangasi miezi minne, wapi!"

Vishimo si dalili ya kawaida ya fangasi. Mimi hufikiria kwanza ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Kagua viwiko, kichwani na nyuma ya masikio kama kuna mabaka yenye magamba. Angalia pia kama ukucha umeachana na nyama, au una doa la manjano kama tone la mafuta chini yake. Viungo vya vidole vikivimba au kukakamaa asubuhi, mwone daktari mapema. Pumu ya ngozi na nywele kunyonyoka kwa mabaka navyo huleta vishimo. Kabla ya kununua dawa nyingine ya fangasi, omba ukucha ukwanguliwe upimwe maabara.

"Nataka kukutumia picha. Nipigeje?"

Futa rangi, kaa dirishani mwanga uje kwa ubavu, na zima flashi kwa sababu inafuta vishimo na mifereji. Piga mikono yote miwili. Mstari mweusi wa kushuka kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Ila mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, usinitumie picha. Nenda kwa daktari wa ngozi.