Quadro P1000 na gemu

"Nimeona mashine ya ofisi ya mtumba hapa Malindi ina Quadro P1000, itacheza gemu vizuri kama kadi za gemu ama nitatupa pesa?"

Yacheza bwana, usiogope jina la Quadro, hizo ni kadi za Nvidia za mashine za kazi. Chipu iliyo ndani ni ileile ya kadi ya gemu ya GTX 1050, koa 640 zote mbili, tofauti ni kwamba P1000 imebanwa kwa wati 47 na mwenzake anakula 75, halafu memori yake iko polepole ingawa ni GB 4. Kwa hivyo GTA V kwa 1080p itaenda sawa ukiweka setingi za kati, gemu mpya nzito ndio utashusha mpaka chini kabisa na bado zingine zitakwama. Wengine husema Quadro haichezi gemu kwa sababu ya draiva, lakini draiva si shida, shida ni bei, kwa pesa hiyohiyo kadi ya gemu hukupa nguvu zaidi, ila hii yaja ndani ya mashine na haitaki waya wa pawa, na pawasaplai za hizi mashine mara nyingi hazina huo waya.

Kabla hujalipa fungua programu ya GPU-Z usome jina na aina ya memori, maana wengine huuza Quadro K620 yenye memori ya DDR3 kwa maneno ya "Quadro" tu na hiyo iko polepole sana kwa gemu. Na uitishe adapta ya mini DisplayPort kwenda HDMI, P1000 haina tundu la HDMI, bila adapta tivii yako haitaingia.