Ukijikuta Safa, hujamaliza

Swali la wiki: "Kwa waliojaaliwa kwenda Hija: ni ibada ipi kati ya zile za Makka, Mina na Arafa iliyokugusa zaidi, na ina maana gani?"

Mhariri, nilipolisoma nililiacha gazeti mezani nikaenda kumwagilia mboga. Niliporudi bado lilikuwa linaniwasha. Nitajibu, ila nitajibu kuhusu ibada niliyokaribia kuiharibu, kwa kuwa hiyo ndiyo ninayoijua vizuri.

Kwanza niseme kinachonikera. Kila mwaka mahujaji wakirudi hapa Iringa tunakaa kwenye visomo vya kuwapokea, na kila mmoja anazo maana zake. Ihramu ni sanda. Arafa ni uwanja wa Kiyama. Jamarati ni kumpiga mawe shetani mwenyewe, na wapo wanaomrushia mpaka kandambili, wakati Mtume alirusha vijiwe saba vidogo vya kubana kwa vidole huku akisema Allahu Akbar. Hilo la sanda nalo, mbona linawaacha wanawake nje? Vitambaa viwili visivyoshonwa ni vya mwanamume. Mwanamke anahirimia kwa nguo zake za kawaida za stara, zenye mishono na mifuko, rangi yoyote. Seyyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi akasema anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu naye asingelibusu. Huo ndio ulikuwa msimamo wangu nilipopanda ndege mwaka 2019 na mama yangu: fanya ulivyoamrishwa, maana waachie wenye nafasi.

Mama alikuwa na miaka sitini na nane, magoti mabovu, na hakuwahi kuvuka Dodoma. Kwao ni Isimani. Mnaoijua barabara ya kutoka mjini kupita Nduli mnajua hali ya huko ilivyo, hasa mwezi wa kumi. Alikulia kuchota maji kwenye mchanga wa korongo: unafukua, unasubiri, unakinga na kata mpaka ndoo ijae.

Tulikwenda kwa tamattui kama Watanzania wengi, yaani umra kwanza, unatoka kwenye ihramu, kisha unahirimia upya siku ya nane kwa ajili ya Hija yenyewe. Kwa hiyo usiku uleule tuliofika Makka tulitufu mara saba, tukaswali rakaa mbili nyuma ya Maqamu Ibrahim, tukanywa zamzam, tukaenda Safa kuanza sa'yi. Ni kutembea mara saba kati ya kilima cha Safa na cha Marwa, jumla kama kilomita tatu. Siku hizi ni ukumbi mrefu wa ghorofa, sakafu ya marumaru, viyoyozi, na njia ya katikati ya viti vya magurudumu. Nilimwambia mama tuchukue kiti. Akasema, "Kiti utakipanda wewe ukichoka."

Mwenzetu mmoja wa msafara, mtu mzima kutoka Njombe, akatuambia kwa uhakika kwamba kwenda na kurudi ndiyo mara moja. Ukimsikiliza unaona ana hoja. Kwenye tawafu mzunguko mmoja haujatimia mpaka urudi ulipoanzia, basi na hapa urudi Safa ndipo uhesabu moja. Kiongozi wa msafara alikuwa ameshapotelea kwenye umati. Mimi nilikumbuka kitabu chetu cha manasiki: Safa kwenda Marwa ni moja, Marwa kurudi Safa ni ya pili. Nikamwambia mama tufuate hivyo, nami nitahesabu kwa vidole.

Tukaanza. Juu ya Safa tukaelekea Al-Kaaba, tukaleta takbira na dua, tukashuka. Mbele kidogo unakuta taa za kijani darini, na mbele yake taa nyingine kama hizo. Kati ya taa na taa wanaume wanakwenda mbio kidogo, wanawake wanatembea. Nikakimbia, nikamsubiri mama upande wa pili. Raundi ya pili vilevile. Raundi ya tatu akanifikia akihema, akasema, "Hivi, baba, aliyekimbia hapa si alikuwa mwanamke? Sasa mbona mnakimbia ninyi?"

Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyuoni walivyosema, mwanamke hakimbii kwa ajili ya stara. "Sawa," akasema, na tukaendelea. Mama akisema "sawa" kwa sauti ile, mazungumzo hayajaisha.

Baadaye nikamwambia, "Mama, alhamdulillahi, tumemaliza saba. Twende tukapunguze nywele."

Akaangalia huku na huku. "Hapa ni wapi?"

"Safa."

"Basi hatujamaliza."

Nikamwonyesha vidole. Naye akatia mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akafungua kiganja: punje moja ya maharage. Alikuwa ameondoka Iringa na punje saba. Kila akifika kilima anahamisha moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na kulia ilikuwa imebaki moja. Maimuna wa pale msikitini, jirani yake, alimfundisha hivyo kabla hatujaondoka. Mimi niliyevaa shuka mbili sikuwa na mfuko wa kuhamishia kitu.

Nikaketi pembeni nikapiga hesabu upya, na mama alikuwa sahihi. Unaanza Safa. Ukifika Marwa umepata moja, ukirudi Safa mbili, Marwa tatu, Safa nne, Marwa tano, Safa sita, Marwa saba. Marwa daima ni witiri, Safa daima ni shufwa. Hakuna namna ya kukamilisha saba ukiwa umesimama Safa. Kosa langu ni kwamba nilihesabu kufika vilimani, na nikaihesabu na ile Safa ya kuanzia. Ni kama fundi anayehesabu nguzo za uzio badala ya nafasi zilizo kati yake: nguzo nane, nafasi saba. Na yule mzee wa Njombe kwa hesabu yake angetembea mara kumi na nne, naye angemalizia Safa. Yeye angepata uchovu tu, kwa sababu saba zake za mwanzo zingekuwa zimeshatimia. Mimi ningepungukiwa, na kupungukiwa ndiko kwenye balaa.

Kwetu tunaofuata Imamu Shafi sa'yi ni nguzo. Haifidiwi kwa kuchinja mbuzi, inabidi uitimize. Ningepunguza nywele nikavaa kanzu yangu, kumbe bado nimo ndani ya ihramu. Dawa ni rahisi ukigundua mapema, unarudi na kukamilisha iliyobaki. Na ukiwa na shaka kama ni tano au sita, unachukua idadi ndogo. Lakini kama umo kwenye shaka ya sita au saba, usijisumbue na vidole, tazama tu umesimama kilima gani.

Tukainuka kwa ile ya saba. Tulipofika kwenye taa za kijani sikukimbia, nilimshika mkono. Najua nimeacha sunna, na wenye kutaka kuniandikia kuhusu hilo wasichoke. Hapo ndipo alipomalizia yale ya "sawa".

Mama hakusoma sana, lakini kisa anacho. Nabii Ibrahim alimwacha Bibi Hajar na mtoto kwenye bonde lisilo na mtu, na jirabu la tende na kiriba cha maji. Bibi Hajar akamuuliza kama ni Mungu aliyemwamuru hivyo, akajibiwa naam, akasema basi hatatupoteza. Maji yakaisha. Akapanda Safa kutazama kama kuna mtu, akashuka, akapanda Marwa. Hadithi ya Ibn Abbas inasema alipofika bondeni alipandisha ncha ya nguo yake akakimbia mpaka akalivuka. Hiyo ndiyo sehemu ya taa za kijani. Leo sakafu ni tambarare, huwezi kujua kwamba palikuwa na bonde.

"Watu wanasema alikuwa anakimbilia maji," mama akasema. "Maji hayakimbiliwi. Ukiwa juu kilimani unamwona mtoto. Ukishuka korongoni humwoni. Ndiyo maana alikimbia pale tu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka mmoja wa ukame aliniacha mimi chini ya mbuyu, nimelala kwenye kanga, akashuka korongoni kufukua. Ndoo ilikuwa nusu alipogundua kwamba hanioni wala hasikii kitu. Akaiacha ndoo akapanda mbio. Nilikuwa nimelala vilevile, inzi tu usoni. Aliporudi chini, maji yalikuwa yamemwagika, mbuzi wa watu ameipindua ndoo.

Baadaye nilikuta wanavyuoni nao wameeleza hivyohivyo, kwamba alikimbia bondeni kwa sababu mtoto alifichika machoni. Mama hakuwa amewasoma.

Sasa Mhariri, nimeanza kwa kusema maana hazinihusu, na nimejaza ukurasa kwa maana moja. Nakubali, ila kwa masharti. Mama hakuitunga ili ibada ipendeze kisomoni. Iko ndani ya kisa chenyewe, kwenye hadithi sahihi, na inaeleza kwa nini mbio zinaanzia hapa na kuishia pale. Na haikumpunguzia hesabu: asingekuwa na punje zake, maana yote hiyo ingekuwa ya sa'yi yenye sita. Masahaba wenyewe walisita kutembea kati ya vilima hivyo kwa kuwa zama za ujinga palikuwa na masanamu, Isafu na Naila, mpaka ikateremka aya ya 158 ya Suratul Baqara kwamba Safa na Marwa ni katika alama za Mwenyezi Mungu. Maana ya mahali ilishawahi kuchafuliwa na watu, na bado amri ikabaki.

Kwa hiyo mkinibana nijibu mlichouliza, kubwa kuliko zote ni kisimamo cha Arafa. Mtume alisema Hija ni Arafa, na aliyekikosa hana Hija mwaka ule. Nilisimama pale tarehe tisa toka adhuhuri mpaka jua lilipozama, tukaondoka kwenda kulala Muzdalifa, na nililia kama wengine. Lakini kuguswa, niliguswa Marwa, saa nane za usiku, mama akihamisha punje ya saba.

Tuliporudi Iringa nikamwomba zile punje nizitunze. Alikuwa ameshazichanganya na za kwenye debe. Tukazila Ijumaa, na wali.

Msomaji, Iringa