Kwa nini mchoro wa mtuhumiwa haufanani na anayekamatwa

Wadogo zangu mnaoanza kuchora sura za watuhumiwa kwa maelezo ya mashahidi, hili mtakutana nalo mapema: mtu anakamatwa, mnaweka mchoro wenu kando yake, na hamwoni kinachofanana. Watu husema shahidi kadanganya au mchoraji hana mkono. Mara nyingi si hivyo.

Chukulia dada wakala wa pesa kule Mbagala, kaporwa jioni na kijana mwenye panga. Kamwona sekunde chache, na macho yake muda mwingi yalikuwa kwenye panga. Siku mbili baadaye anaketi mbele yako. Umbo la uso analieleza vizuri, ndevu za kidevuni, nywele zilizopunguzwa pembeni. Ukimuuliza pua anasita, kisha anasema, "Ya kawaida tu." Na mdomo? "Wa kawaida." Hapo penseli inachora kawaida iliyomo kichwani mwako, si ya yule kijana.

Sura ya mgeni tunaishika zaidi kwa vya nje: nywele, paji la uso, umbo la kichwa. Lakini unayetegemea amtambue kwenye mchoro ni jirani yake, mwenye nyumba wake, wenzake wa kijiweni. Hao wanamfahamu, na mtu unayemfahamu unamtambua zaidi kwa macho, pua na mdomo. Basi mchoro uko imara pale ambapo jirani hapategemei sana, na umebahatisha pale anapopatazama. Kijana akinyoa ndevu kabla ya kukamatwa, hata kile kilichokuwa sahihi kimeondoka.

Na maswali yetu yanaongeza ugumu. Uso hukumbukwa mzima, sisi tunauomba vipande vipande. Fotofiti, mfumo wa kuunda sura kwa vipande vya picha ulioanza kutumiwa Uingereza mwaka 1970, ulimtaka shahidi achague macho, pua na mdomo kutoka kwenye picha nyingi. Unaweza kupata pua yenyewe kabisa na uso bado ukawa wa mtu mwingine, kwa sababu nafasi kati ya macho na nyusi, au kati ya pua na mdomo, imekosewa kidogo.

Kwa hiyo mwache shahidi asimulie kwanza bila kumkatiza. Muulize alionekana mtu wa namna gani: mkali, mpole, mchovu? Chora uso wote kwa mistari hafifu, rekebisha nafasi, ndipo uingie kwenye pua. Akisema "kawaida", iache hafifu. Usimbane mpaka abuni.

Mashahidi wakiwa kadhaa, kaa na kila mmoja peke yake, wasionyeshane michoro. Mwanasaikolojia Vicki Bruce na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2002 huko Uingereza, walichanganya sura zilizotengenezwa na mashahidi wanne kuwa moja, na mchanganyiko ule ukamkaribia mhusika kuliko sura nyingi za shahidi mmoja mmoja. Kila shahidi hukosea pake, kwa hiyo makosa hufifia na yale waliyokubaliana hubaki.