Matone ya saa tisa usiku

"Mamangu ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Malindi, lakini shairi langu linasema 'amechoka' tu. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, liondoe neno hilo, kisha umweke mama saa tisa usiku kando ya dripu, akihesabu matone kwa dakika nzima huku akiitazama saa ya mkononi, kwa maana hesabu inayompotea njiani ndiyo itakayomwonyesha msomaji uchovu wenyewe:

*Matone afuatia, kumi na nane yangia,*
*Hesabu yamkimbia, moja tena aanzia.*

Kila kipande kina mizani 8. Ukiona kina kinakulazimisha kumtungia kazi asiyoifanya, badilisha kina, usiibadilishe kazi. Mwulize mwenyewe anaposimama na anachokishika.