Runinga ya ukumbi: pimeni kwa uzi na chaki kabla ya kwenda dukani

"Kamati yetu ina pesa ya runinga moja tu. Ukumbi ni mita 12 kwa 7, sakafu tambarare. Mikutano huja watu 40 hivi, siku ya mechi hata 60. Wengine wanataka inchi 55, wengine 85. Tuchukue ipi na tuifunge ukuta gani?"

Nimekaa kwenye kamati ya ukumbi unaokaribiana na wenu, na kosa letu la kwanza lilikuwa hilohilo la kuanza na inchi. Tulinunua 55, tukaifunga ukuta mfupi kwa sababu ndiko jukwaa liliko. Kwenye mkutano wa hesabu, watu wa nyuma waliiona picha lakini tarakimu hawakuzisoma, na wazee wetu ndio waliokuwa wamekaa nyuma. Iliniuma, maana ni wao waliochanga mapema kuliko wote.

Inchi za runinga hupimwa kona hadi kona, lakini kinachomsaidia aliyekaa mbali ni kimo cha picha. Ya 55 ina kimo cha sentimita 68, ya 75 ina 93, ya 85 ina 106. Kanuni inayotumika sana kwenye kumbi ni kwamba wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo hicho kama kuna maandishi ya kusoma. Kwa mechi au filamu mnaweza kufika mara 8. Kwa hiyo ya 55 inasomeka hadi mita 4 na kidogo, na ya 75 hadi mita 5.6.

Sasa fanyeni hivi. Chukueni uzi, mpimie mita 5.6, mmoja aushike chini ya ukuta pale runinga itakapokaa, mwingine azunguke nao akichora tao la chaki sakafuni. Kisha choreni mistari miwili kutoka hapo ukutani, kila mmoja ukiegemea pembe ya digrii 45 kutoka katikati, kwa sababu anayekaa pembeni zaidi ya hapo huona picha iliyobanwa, na skrini nyingi rangi zake hupauka zikitazamwa upande. Viti vyote vya mkutano vikae ndani ya umbo hilo. Anzeni safu ya kwanza mita 2.5 kutoka ukutani, muachie sentimita 90 kati ya safu na safu, na sentimita 60 kwa kila kiti.

Nimewapigia hesabu kwa vipimo vyenu, runinga ikiwa katikati ya ukuta mrefu. Safu ya kwanza inapata viti 8, ya pili 11, ya tatu 12, ya nne 7. Jumla 38, karibu sawa na mkutano wenu. Mkitanua tao kwa ajili ya mechi hadi mara 8 ya kimo, mnapita viti 60. Basi kwenu 75 inatosha. Ya 85 ingewapa viti 50 hivi vya kusomea, lakini hamna watu hao, na uzito unaoongezeka utabebwa na ukuta wenu.

Ukuta mrefu nauchagua kwa sababu moja zaidi: mbele yake kuna mita 7 tu, kwa hiyo hata anayechelewa hana pa kujitenga mbali. Kwenye ukuta mfupi viti husogea nyuma vyenyewe hadi mita 10.

Tatizo la ukuta mrefu ni madirisha, kwani mara nyingi yanautazama. Kateni boksi la karatasi ngumu sentimita 166 kwa 93, ambayo ndiyo saizi ya picha ya 75, mlibandike ukutani. Halafu mtu asimame hapo na kioo cha kujitazamia, akikilaza bapa ukutani na kukisogeza pole pole juu ya boksi lote, huku wengine mmekaa kwenye viti. Mkiona dirisha ndani ya kioo, mtaliona pia kwenye skrini, na hakuna mwangaza wa runinga ya nyumbani unaolishinda jua la mchana. Lifanyeni jaribio saa ileile ambayo huwa mnakutana. Sisi tulisogeza boksi kama mita moja, tukainamisha kioo chini kidogo, na dirisha likatoweka kwa wengi. Lililobaki tukalitia pazia zito. Ndiyo sababu breketi iwe ya kuinamisha, isiwe ya kubana bapa.

Boksi hilohilo litawapa kimo cha kufungia. Kichwa cha mtu aliyekaa hufika kama sentimita 130 kutoka sakafuni, basi ukingo wa chini wa picha uwe 140. Juu itafika 233, na walio safu ya kwanza hawatavunjika shingo. Kimo cha sebuleni hakifai ukumbini kabisa.

Kuhusu ukuta niwe mkweli, maana hapa ndipo tulipopata hofu. Runinga ya saizi hiyo ni kilo 30 hadi 40, na breketi juu yake. Fundi wetu alitoboa, drili ikaingia kwa nguvu kidogo kisha ikachumpa ghafla, akaendelea tu. Kule kuchumpa kulikuwa na maana: tofali zilikuwa za matundu. Vile vibomba vya plastiki vya skrubu hushika tofali iliyojaa, lakini ndani ya uwazi havina cha kushika. Baada ya miezi michache niliona ufa mwembamba kama unyoya kati ya breketi na ukuta, upande wa juu. Tuliishusha siku hiyohiyo, na watoto walikuwa wakicheza chini yake.

Tuliporudia, tulitumia bolti za milimita 12 zilizopita ukuta mzima, na upande wa pili zikakazwa kwa nati juu ya bamba la chuma, ili mzigo ugawanyike kwenye tofali kadhaa. Kama upande wa pili ni nje, zibeni tundu maji yasiingie. Ukuta wenu ukiwa zege au tofali iliyojaa, bolti za kupanuka zinatosha. Toboeni tundu moja la majaribio kabla ya kununua chochote cha kufungia.

Dukani ulizeni mambo mawili. Kwanza, kama dhamana inakubali matumizi ya ukumbini. Nyingi ni za nyumbani tu, basi jibu liandikwe kwenye risiti. Pili, epukeni skrini ya aina ya OLED ikiwa mtaacha chaneli moja ya habari siku nzima, kwani nembo ya chaneli huacha alama ya kudumu kwenye skrini. Umeme wenu ukiwa wa kurukaruka, wekeni kifaa cha kulinda volteji kinachochelewa dakika chache kabla ya kurudisha umeme.

Sauti msiitegemee ile ya ndani ya runinga. Spika zake hutazama chini au nyuma, na kwenye sakafu ya saruji mkiongeza sauti mnaongeza mwangwi tu. Spika mbili za nje, moja kila upande wa skrini na kuelekezwa kwa watu, zinasikika vizuri hata zikiwa za chini. Kama spika au amplifaya yake ina HDMI, ichomekeni kwenye tundu la runinga lililoandikwa HDMI ARC. Midomo ikitangulia maneno, kuna mpangilio wa kuchelewesha sauti kwenye menyu. Uwekeni sifuri kwanza.

Mkishafunga, pigeni mstari wa penseli ukutani kwenye ukingo wa juu wa breketi, na mtunza rimoti autazame kila mwezi. Breketi ikishuka chini ya mstari hata kwa unene wa kucha, runinga ishushwe kwanza, ndipo muite fundi.